Hesabu Kubalansi si Ushahidi

Ofisa mikopo anapopokea hesabu za mwaka za kampuni, au mjumbe wa bodi anapofunguliwa kabrasha asubuhi ya kikao, jicho hutafuta kwanza faida. Aliyekwisha kuumwa huruka faida na kwenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa sababu anajua kwamba faida imejaa makadirio: uchakavu umekadiriwa, wadaiwa wabovu wamekadiriwa, thamani ya stoki imekadiriwa. Fedha, anajiambia, ziko benki na zinahesabika. Hapo ana haki, lakini nusu tu. Kinachohesabika benki ni mstari wa mwisho wa taarifa hiyo, yaani salio la mwanzo, salio la mwisho na tofauti yake. Mstari anaoutegemea kuamua kama atatoa mkopo au gawio ni mwingine: fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji. Mstari huo haumo katika taarifa yoyote ya benki. Umejengwa mezani na mtu, kutoka kwenye faida na mabadiliko ya mizania, na unaweza kujengwa vibaya kabisa huku taarifa nzima ikibalansi hadi senti. Hoja yangu ni kwamba bodi na wakopeshaji waache kuridhika na taarifa iliyobalansi. Wadai karatasi moja iliyo nyuma yake, ile inayoonyesha kila kipengele cha mizania kilianzia wapi, kilisukumwa na nini na kiliishia wapi.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima tuone kwa nini taarifa hubalansi hata ikiwa mbovu. Mizania husema mali zote ni sawa na madeni pamoja na mtaji wa wenye kampuni. Fedha taslimu ni mojawapo ya mali. Kwa hiyo fedha ni sawa na madeni, jumlisha mtaji, toa mali nyingine zote. Kama hilo ni kweli mwanzoni mwa mwaka na ni kweli mwishoni, basi badiliko la fedha ni badiliko la madeni, jumlisha badiliko la mtaji, toa badiliko la mali nyingine. Hapo ndipo alama zinazowasumbua wanafunzi zinapotoka. Wadaiwa wakiongezeka tunatoa, kwa sababu sehemu ya mauzo tuliyoihesabu kuwa mapato bado iko mikononi mwa wateja. Stoki ikiongezeka tunatoa, kwa sababu kuna mzigo tumeulipia na haujauzwa. Wadai wakiongezeka tunajumlisha, kwa sababu kuna gharama tumezihesabu na hatujazilipa. Uchakavu tunaurudisha kwenye faida, kwa sababu uliipunguza bila fedha yoyote kutoka. Mradi umebeba kila badiliko la mizania na kuliweka mahali fulani, jumla itakubali. Hesabu haikuulizi umeliweka katika fungu gani kati ya yale matatu, yaani uendeshaji, uwekezaji au ugharimiaji. Inauliza tu kama umelisahau.

Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya kukoboa mpunga inayofunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, tarakimu zote zikiwa milioni za shilingi. Mwaka ulianza na fedha 60, wadaiwa 180, stoki ya mpunga na mchele 240, na mitambo na majengo yenye thamani ya vitabuni 500. Upande wa pili kulikuwa na wadai 130, kodi inayodaiwa 20, mkopo wa benki 300, mtaji wa hisa 350 na faida iliyolimbikizwa 180. Pande zote mbili ni 980. Mwaka uliisha na fedha 45, wadaiwa 290, stoki 300, mitambo na majengo 610. Na upande wa pili wadai 225, kodi 30, mkopo 360, hisa zilezile 350, na faida iliyolimbikizwa 280. Pande zote ni 1,245. Faida ya mwaka baada ya kodi ilikuwa 140, na uchakavu uliopunguzwa humo ulikuwa 65.

Mhasibu mwenye haraka huchukua mizania mbili, hutoa moja kwenye nyingine, na kuanza kupanga. Faida 140, jumlisha uchakavu 65. Wadaiwa wameongezeka 110, toa. Stoki imeongezeka 60, toa. Wadai wameongezeka 95, jumlisha. Kodi imeongezeka 10, jumlisha. Jibu la uendeshaji ni 140. Kisha mitambo: anajua ulinunuliwa mtambo mpya wa 200 na kwamba mtambo wa zamani wenye thamani ya vitabuni 25 umeondoka, kwa hiyo anaandika uwekezaji uliokula 175. Mkopo mpya ulikuwa 150, yakalipwa marejesho 90 na gawio 40, hivyo ugharimiaji umeleta 20. Jumlisha mafungu matatu: 140, toa 175, jumlisha 20, unapata upungufu wa 15. Fedha zilishuka kutoka 60 hadi 45, yaani 15. Imebalansi. Zaidi ya kubalansi, inapendeza: faida ni 140 na fedha za uendeshaji ni 140, kana kwamba kila shilingi ya faida ilifika benki. Mwenyekiti ataisoma kwa sauti mbele ya wanahisa, na katika karatasi hiyo hakuna jumla hata moja itakayomkatalia.

Lakini taarifa hiyo ina makosa mawili, na yote yanaonekana mtu akifungua kila kipengele badala ya kuchukua tofauti yake. La kwanza ni mtambo wa zamani. Haukuondoka kwa thamani ya vitabuni; uliuzwa kwa 37, na ile 12 ya ziada imo ndani ya faida ya 140 kama faida ya kuuza mali. Fedha zilizoingia kutokana na mauzo hayo ni 37, na zote ni za uwekezaji. Kwa hiyo 12 lazima itolewe kwenye faida, isije ikahesabiwa kuwa matunda ya kukoboa mpunga, kisha 37 kamili iandikwe upande wa uwekezaji. Hili ni kosa dogo hapa, na vitabu vya darasani hulifundisha, ingawa kampuni iliyouza kiwanja mwaka huo inaweza kulifanya kuwa kubwa kuliko biashara yake yote.

La pili ndilo linaloniuma, kwa sababu si mara nyingi anayesoma hesabu hulitafuta. Tufungue mitambo na majengo: mwanzo 500, toa uchakavu 65, toa mtambo uliouzwa 25, bakia 410. Mwisho ni 610, kwa hiyo ulinunuliwa mtambo wa kupanga madaraja ya mchele wa 200. Hapo mhasibu wetu yuko sawa. Je, 200 hiyo imelipwa? Fungua wadai. Katika ile 225 ya mwisho wa mwaka, 70 inadaiwa na mwagizaji wa mtambo, aliyekubali kulipwa salio Machi. Wadai wa biashara, yaani wakulima, wenye magunia na wenye malori, wameongezeka 25 tu, kutoka 130 hadi 155. Mwagizaji wa mtambo hana nafasi katika uendeshaji. Deni lake ni sehemu ya ununuzi wa mali ambayo fedha zake bado hazijatoka, na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 7, katika aya ya 43, kinaamuru shughuli za uwekezaji na ugharimiaji zisizotumia fedha ziwekwe nje ya taarifa na zielezwe kwingine katika hesabu. Fedha zilizolipwa kwa mtambo ni 130.

Sasa jenga upya. Faida 140, jumlisha uchakavu 65, toa faida ya kuuza mtambo 12, toa ongezeko la wadaiwa 110, toa ongezeko la stoki 60, jumlisha ongezeko la wadai wa biashara 25, jumlisha kodi 10. Uendeshaji umezaa 58. Uwekezaji umetoa 130 na kuingiza 37, yaani umekula 93. Ugharimiaji umeleta 20 kama mwanzo. Na 58, toa 93, jumlisha 20, ni upungufu wa 15 uleule. Karatasi mbili, mizania zilezile, mstari wa mwisho uleule, na katikati 140 dhidi ya 58. Kampuni hii ililipa benki marejesho ya 90 mwaka huo. Kwa karatasi ya kwanza biashara inajimudu: 140 inalipa 90, inalipa gawio la 40, na inabaki 10. Kwa karatasi ya pili haiwezi hata kulipa marejesho yake bila kukopa upya, na gawio limelipwa kwa fedha za benki. Ofisa mikopo anayesoma ya kwanza ataongeza mkopo. Anayesoma ya pili atauliza maswali. Hakuna tofauti ya mawazo hapo wala ya sera za uhasibu. Moja ni sahihi na nyingine si sahihi.

Kosa hili lina tabia inayosaidia kulinasa. Machi kampuni italipa 70, wadai watashuka, na mhasibu yuleyule kwa mtindo uleule ataandika kushuka huko kama fedha zilizotoka katika uendeshaji. Mwaka wa pili utaonekana mbaya kuliko ulivyokuwa, kama wa kwanza ulivyoonekana mzuri kuliko ulivyokuwa. Ukiona fedha za uendeshaji zinapanda mwaka wa kununua mitambo na kuporomoka mwaka unaofuata, huku mauzo yakiwa tulivu, kagua wadai. Dalili ya pili ni ya ajabu kidogo. Chukua ongezeko la wadai lililoandikwa katika taarifa ya mtiririko na ulilinganishe na tofauti ya wadai katika mizania mbili. Katika mwaka ambao kampuni imenunua mali nyingi za kudumu, tarakimu hizo zikilingana hadi senti usifurahi mapema. Ni kweli huenda kila mtambo ulilipwa taslimu, lakini huenda pia hakuna aliyefungua daftari la wadai. Zikitofautiana na maelezo yapo, mtu amefanya kazi. Kwa kundi la kampuni, hasa lililonunua kampuni nyingine au linalofanya hesabu kwa sarafu zaidi ya moja, kutolingana ndiyo hali ya kawaida, na maelezo yanapaswa kuwa marefu zaidi.

Kuna atakayesema kwamba njia hii ya kuanzia kwenye faida, wanayoiita njia isiyo ya moja kwa moja, ndiyo yenye kasoro, na dawa ni kuiacha. Andikeni fedha zilizopokewa kutoka kwa wateja, zilizolipwa kwa wakulima, zilizolipwa kwa wafanyakazi, na kila mtu ataelewa. Hoja hii ina uzito, na kiwango chenyewe namba 7 kinahimiza njia hiyo ya moja kwa moja. Siipingi. Nasema tu kwamba haituponyi. Kwanza, kampuni nyingi hazina rekodi zilizopangwa hivyo, kwa hiyo hupata fedha za wateja kwa kuchukua mauzo na kutoa ongezeko la wadaiwa, yaani mabadiliko yaleyale ya mizania yamevishwa nguo nyingine. Mwagizaji wa mtambo akichanganywa na wakulima, atachanganywa humo pia. Pili, njia ya moja kwa moja ikisimama peke yake haisemi kwa nini faida ya 140 ilizaa 58. Ndiyo maana Wamarekani walipotoa kiwango chao namba 95 mwaka 1987 waliruhusu njia zote mbili, lakini kampuni inayochagua ya moja kwa moja ilitakiwa bado kuonyesha usuluhisho kati ya faida na fedha. Safari kutoka 140 hadi 58 ni habari yenyewe.

Na habari hiyo katika kampuni yetu iko kwa wadaiwa. Tuseme mauzo, yote kwa mkopo, yalipanda kutoka 1,200 hadi 1,320, yaani asilimia 10. Wadaiwa walipanda kutoka 180 hadi 290, zaidi ya asilimia 60. Mwaka ulipoanza wateja walikuwa wanashikilia mauzo ya siku kama 55. Ulipoisha, siku kama 80. Hili lilichangia kuiangusha W. T. Grant, kampuni yenye maduka zaidi ya elfu moja nchini Marekani, iliyofilisika mwaka 1975. Mwaka 1980 maprofesa wa uhasibu James Largay na Clyde Stickney walirudi kwenye hesabu zake na kuonyesha kwamba faida ilikuwa ikiripotiwa mwaka hadi mwaka wakati shughuli zake zilikuwa zikila fedha nyingi kuliko zilizozaa, kwa muda mrefu kabla ya kuanguka. Taarifa ya siku hizo haikuwaonyesha wawekezaji jambo hilo, kwa sababu ilipima mtaji wa kazi kwa jumla, na katika jumla hiyo deni la mteja asiyelipa lilihesabika kuwa zuri sawa na noti iliyo kwenye kasha. Tangu taarifa ya mtiririko ilipoanza kupima fedha zenyewe, kila badiliko la wadaiwa limepewa mstari wake. Tukiruhusu mistari hiyo ijazwe kwa kutoa tu mizania moja kwenye nyingine, tunarudisha sehemu ya giza lile.

Mwingine atasema programu za uhasibu siku hizi zinatoa taarifa hii kwa kubonyeza, na kompyuta haikosei kujumlisha. Kweli haikosei kujumlisha. Lakini programu inajua akaunti, haijui sababu. Kama bili ya mtambo iliingizwa katika akaunti ileile ya wadai inayopokea bili za magunia, programu itaona akaunti moja iliyokua kwa 95 na kuipeleka yote kwenye uendeshaji. Itakuwa imefanya kosa lilelile la mhasibu mwenye haraka, kwa kasi zaidi na kwa karatasi safi zaidi. Dawa ni nyepesi: akaunti tofauti kwa wadai wa mali za kudumu, na akaunti tofauti kwa faida ya kuuza mali, tangu siku ya kwanza ya mwaka. Anayeanza kutenganisha Januari ya mwaka unaofuata anachambua bili moja moja.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: hata ukipanga kila kitu katika fungu lake, fedha za uendeshaji bado zinaweza kupambwa. Nakubali. Kampuni ya simu ya WorldCom ilikiri Juni 2002 kwamba dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida, ada za kutumia mitandao ya kampuni nyingine, zilikuwa zimeandikwa kama mali za kudumu. Fedha zilitoka kama zilivyotoka, ila zilihama kutoka uendeshaji kwenda uwekezaji, na faida ikapanda pamoja na fedha za uendeshaji, hivyo hata anayelinganisha faida na fedha hakuona pengo. Karatasi yangu ya kila kipengele haikamati kila mwongo. Lakini angalia uongo wa WorldCom ulikaa wapi: katika ongezeko la mali za kudumu, mstari ambao karatasi hiyo inalazimisha kuuliza, umenunua nini kwa fedha hizi, na kiko wapi? Kwa kiwanda chetu mjumbe wa bodi anaweza kwenda kuugusa mtambo wa 200. Ada ya kutumia nyaya za mwenzako huwezi kuigusa.

Kuna pia sauti ya haki kutoka kwa wenye biashara za mazao. Wanasema 58 inawaonea, kwa kuwa mpunga hununuliwa kwa msimu na mwisho wa mwaka wa hesabu unaweza kuangukia wakati ghala limejaa. Ni kweli, na ongezeko la stoki la 60 katika kampuni yetu huenda likageuka fedha kabla ya Aprili. Taarifa ya mtiririko ni ya miezi 12 na haijui majira ya mvua. Lakini kampuni hiyohiyo ilifunga hesabu tarehe hiyohiyo mwaka uliopita, kwa hiyo msimu uko katika mizania zote mbili na hauelezi peke yake kwa nini ghala la mwaka huu ni kubwa kuliko la mwaka jana. Anayetetea ongezeko la stoki aeleze tani na bei: je, tumenunua mpunga mwingi zaidi, au uleule kwa bei ya juu, au kuna mchele wa mwaka juzi ambao haujauzika?

Sheria nazo zinasogea upande huu, ingawa polepole. Kiwango kipya cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha namba 18, kilichotolewa Aprili 2024 na kitakachoanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 2027, kinafunga mlango mmoja wa uhuru. Anayetumia njia isiyo ya moja kwa moja ataanzia kwenye faida ya uendeshaji badala ya kuchagua faida yoyote aipendayo, na kwa kampuni za kawaida riba inayolipwa itakwenda kwenye ugharimiaji bila hiari. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, kwa hiyo badiliko hili linatuhusu moja kwa moja. Litafanya kampuni mbili zilinganishike vizuri zaidi. Halitamtoa mwagizaji wa mtambo kwenye kundi la wakulima, kwa sababu kosa hilo lilikuwa kosa hata kwa sheria ya zamani, na kiwango hakifungui daftari la wadai kwa niaba ya mtu.

Gharama ya karatasi ninayoidai ni ndogo: kwa kampuni ya ukubwa huu, mhasibu anayejua vitabu vyake ataimaliza kwa siku moja. Ina safu ya mwanzo wa mwaka, safu ya mwisho, na kati yake safu za visababishi: faida, uchakavu, ununuzi, mauzo ya mali, mikopo mipya, marejesho, gawio, mabadiliko ya mtaji wa kazi, na yasiyohusu fedha. Kila mstari usomeke kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubakiza kitu. Bodi ya kampuni yetu ikiwa nayo mezani Februari, kabla ya kupiga kura ya gawio la mwaka unaofuata, itaona katika mstari wa wadai zile 70 zikiwa peke yake, na katika mstari wa fedha itaona 45. Mwagizaji anataka chake Machi.